SOMO LA WIKI: Namba ya kuthibitisha usiyoiomba, na jinsi ya kujua mwizi amefika wapi

Saa 8 mchana duka limejaa wateja, na ujumbe unaingia katika simu ya mwenye duka. Una tarakimu sita, jina la kampuni na onyo kwamba asipewe mtu. Mwenye simu hakuomba kitu. Wafanyabiashara wengi huufuta ujumbe huo na kuendelea kupima kitambaa. Wachache hushtuka na kubadilisha kila neno la siri walilonalo, kisha jioni hawakumbuki hata moja. Wote wanaweza kuwa wamekosea, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo haumaanishi jambo moja tu.

Akaunti ya mtu ni kama nyumba yenye geti na mlango wa chumba. Geti ni jina la akaunti, yaani namba ya simu au anwani ya barua pepe, ambayo imeandikwa hata kwenye stakabadhi na kwenye bango la duka. Mlango wa chumba ni neno la siri. Baadhi ya kampuni hutuma namba ya kuthibitisha pale tu mtu anapogonga geti. Nyingine huituma baada ya mlango wa chumba kufunguliwa, kama kufuli la mwisho kwenye kasha. Ujumbe unaofika katika simu unaweza kufanana kabisa, lakini katika hali ya kwanza mgeni anajua namba ya simu tu, na katika hali ya pili ameshika ufunguo wa chumba mkononi.

Ugonjwa mdogo basi hutofautishwa na mkubwa kwa swali moja: namba hii hutumwa kabla ya neno la siri, au baada yake?

Wanaogonga geti

WhatsApp ni mfano wa kundi la kwanza. Kufungua akaunti katika simu mpya hakuhitaji neno la siri. Mtu huandika namba ya simu, na kampuni inatuma ujumbe kwa namba hiyo:

```
Your WhatsApp code: 418-207
Don't share this code with others
```

Yeyote aliyeiona namba ya simu kwenye bango anaweza kusababisha ujumbe huo ufike. Anaweza kuwa mtu aliyekosea tarakimu moja alipokuwa akisajili simu yake mwenyewe. Anaweza pia kuwa tapeli. Kwa vyovyote vile, asiyepewa tarakimu zile hana alichopata.

Hali ni hiyo hiyo kwa ujumbe wa kubadilisha neno la siri wa Facebook na Instagram. Kitufe cha "nimesahau neno la siri" kinaweza kubonyezwa na yeyote anayejua jina la akaunti, na mara nyingi anayekibonyeza ni mtu asiyelijua neno la siri, ndiyo maana akakibonyeza. Microsoft nayo hutuma kwa barua pepe namba ya kutumika mara moja kwa mtu aliyeandika anwani tu. Mwenye akaunti ya Microsoft aliyechagua kuingia bila neno la siri anaweza hata kuona ombi la idhini likitokea kwenye simu yake, ilhali mgeni hakuandika chochote zaidi ya anwani ya barua pepe.

Zipo sababu nyingine zisizo na hila. Namba ya simu iliyoachwa bila kutumika hufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine, lakini akaunti za mwenyewe wa zamani hubaki zimefungamana nayo. Dalili yake ni ujumbe wa huduma ambayo mwenye simu wa sasa hajawahi kujiunga nayo, unaokuja mara moja baada ya miezi. Pia kuna kijana wa dukani aliyejaribu kufungua barua pepe ya duka kwenye kompyuta mpya bila kusema. Kabla ya kumtafuta mwizi mbali, inafaa kuuliza nyuma ya kaunta.

Simu inayofuata ujumbe

Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo, mwenye wateja wanaomwagiza kwa WhatsApp kutoka Lubumbashi na Lusaka. Ujumbe wa tarakimu sita unafika saa 8 na dakika 10. Saa 8 na dakika 12 unakuja ujumbe mwingine ndani ya WhatsApp, kutoka kwa mteja wake wa miaka mitatu: "Shikamoo mama. Samahani, kuna namba imekuja kwako kwa makosa, ilikuwa yangu. Naomba nirudishie haraka."

Jina ni la mteja, picha ni ya mteja, na salamu ni ya adabu. Aliyeandika si mteja. Akaunti ya mteja iliibwa mapema siku hiyo kwa njia hiyo hiyo, na sasa mwizi anapitia orodha ya watu wake mmoja baada ya mwingine. Kinachomsaliti ni zile dakika mbili. Tarakimu hizo hufa baada ya muda mfupi, kwa hiyo mwizi hawezi kusubiri hadi kesho. Namba isiyoombwa ikifika peke yake, bado inaweza kuwa kosa la mtu. Ikifuatwa na mtu anayeitaka, awe mteja, ndugu, ofisa wa benki au wa kampuni ya simu, hapo shaka imekwisha. Kampuni iliyotuma namba inaijua namba yake, haina haja ya kusomewa.

Mama huyo akiituma, simu yake itatolewa kwenye WhatsApp na akaunti itafunguka kwa mwizi. Mazungumzo ya zamani hayamfuati, kwa kuwa yamehifadhiwa katika simu ya mwenyewe. Lakini makundi humfuata, na kila ujumbe mpya wa mteja humfikia yeye. Mteja wa Lubumbashi anayeuliza bei anajibiwa na mwizi, na anapewa namba nyingine ya kulipia. Hasara inaangukia pande mbili: mteja amepoteza fedha, na mwenye duka amepoteza mteja.

Dawa yake ni kujisajili upya mara moja. Mwenyewe anafungua WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yake na kupokea tarakimu sita mpya, kwa kuwa laini bado iko kwake. Akiziandika, mwizi anatolewa papo hapo. Huenda akaombwa pia namba ya siri ya hatua ya pili ambayo mwizi aliiweka. Hapo atalazimika kusubiri siku 7 ndipo aingie bila namba hiyo. Wapo wanaokata tamaa kwa sababu ya siku hizo 7, wakidhani mwizi bado yumo. Hayumo, kwani alitoka pale tarakimu sita zilipoandikwa. Kazi ya siku hizo ni kuwapigia wateja simu ya kawaida na kuwaonya. Na aliyeiweka namba ya siri ya hatua ya pili yeye mwenyewe mapema, katika sehemu ya "Akaunti" ndani ya mipangilio, hata akidanganywa akatoa tarakimu sita, mwizi bado atakwama mbele ya namba hiyo.

Kuna hila nyingine inayofanana na hii lakini inakwenda kinyume chake, na ndiyo inayowapita hata wajanja. WhatsApp inaruhusu kompyuta kuunganishwa na akaunti kwa kuandika namba ya simu. Kompyuta ya mwizi inaonyesha herufi na tarakimu nane, na simu ya mwenye akaunti inapata taarifa inayomwomba aziandike. Hapo mwizi haombi namba, bali anatoa. Anapiga simu na kusema, "Mama, kuna zawadi ya wateja, andika namba hii kwenye hiyo taarifa iliyotokea." Aliyefundishwa asitoe namba kamwe anaona hajatoa kitu, hivyo anaandika. Tangu hapo kompyuta ya mwizi inasoma kila kitu, pamoja na mazungumzo ya siku zilizopita, na simu ya mwenyewe haitolewi kwenye akaunti. Hakuna dalili nyingine. Njia ya kujua ni kufungua sehemu ya "Vifaa vilivyounganishwa" na kuangalia kama kuna kompyuta isiyofahamika, kisha kuiondoa.

Mlango wa chumba ukishafunguliwa

Kundi la pili ndilo zito. Rudi kwa mama yule yule wa vitenge. Barua pepe ya biashara yake ndiyo inayopokea ankara za wenye viwanda, na ndiyo aliyoandikisha kwa dalali wake wa hisa. Usiku mmoja, saa 8, simu inawaka na kumwuliza kama ni yeye anayejaribu kuingia: ndiyo au hapana. Anabonyeza hapana na kulala. Saa 8 na nusu inawaka tena. Asubuhi anakuta maombi mengine mawili.

Hapa ndipo kipimo kinapofanya kazi. Anachukua kompyuta anayoiamini, anafungua dirisha la faragha ambalo halikumbuki mtu, na anaandika mwenyewe anwani ya huduma hiyo bila kubonyeza kiungo chochote alichotumiwa. Anaandika barua pepe yake na kutazama. Kama ombi la idhini linaruka kwenye simu kabla ya kuulizwa neno la siri, basi yeyote anayejua anwani yake angeweza kumsumbua. Kama anaulizwa neno la siri kwanza, na ombi linakuja baada ya kuliandika sawasawa tu, basi yule wa saa 8 usiku aliliandika sawasawa. Hakubahatisha mara nne. Analijua.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kampuni nyingine hubadilisha hatua kwa kifaa kisichofahamika, na nyingine hutumia ombi hilo hilo pale mtu anapodai amesahau neno la siri. Kwa hiyo jibu la kipimo hulinganishwa na kumbukumbu za akaunti yenyewe. Kwa Google, ukurasa wa myaccount.google.com una sehemu ya usalama inayoonyesha vifaa vilivyomo na matukio ya karibuni. Microsoft nayo huonyesha majaribio yaliyoshindwa na yaliyofaulu, pamoja na nchi yalikotoka. Majaribio mengi yaliyoshindikana kwa neno la siri lisilo sahihi ni kelele za kawaida za intaneti. Jaribio moja lililosimamishwa kwenye hatua ya idhini ni habari nyingine kabisa. Pale ambapo mambo haya mawili hayaleti jibu la wazi, ni nafuu kuchukulia kwamba neno la siri limejulikana. Kulibadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Neno hilo lilitokaje? Njia iliyo ya kawaida ni kulitumia mahali pengi. Mama huyo aliwahi kujiandikisha kwenye tovuti ya kuagiza bidhaa kwa barua pepe ile ile na neno lile lile. Tovuti ikavunjwa, na orodha ya wateja wake ikauzwa. Tovuti ya haveibeenpwned.com inamwezesha mtu kuandika barua pepe yake na kuonyeshwa kama imo katika orodha zilizovuja zinazojulikana. Njia ya pili ni programu ya wizi iliyoingia kwenye kompyuta, mara nyingi pamoja na programu ya bure isiyo halali, na kukusanya maneno yote ya siri yaliyohifadhiwa humo. Tofauti ya njia hizi ina uzito. Kama kompyuta ndiyo yenye mdudu, kubadilisha neno la siri juu ya kompyuta hiyo hiyo ni kumpa mwizi jipya. Ndiyo maana kazi huanza kwenye kifaa kingine kilicho safi.

Akishabadilisha, anazitoa simu na kompyuta zote zilizomo ndani ya akaunti, kisha anaangalia mambo mawili ambayo wengi huyasahau. Moja ni namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, kama bado ni zake. Jingine ni mipangilio ya kupeleka nakala za barua kwingine. Mwizi aliyewahi kuingia dakika tano anaweza kuacha agizo kwamba kila barua yenye neno "ankara" ipelekwe kwake. Neno la siri likibadilishwa, agizo hilo linabaki likifanya kazi. Wiki chache baadaye mnunuzi anapokea ankara yenye akaunti ya benki nyingine, na hakuna anayeelewa ilitokea wapi.

Kuchoshwa hadi kukubali

Mwenye neno la siri ambaye amekwama kwenye ombi la idhini ana njia moja iliyo rahisi, nayo ni kumchosha mwenye simu. Kisa kinachofahamika zaidi ni cha kampuni ya teksi ya Uber, Septemba 2022. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, simu au kompyuta binafsi ya mfanyakazi wa kandarasi iliingiwa na programu ya wizi, na inaelekea mshambuliaji alinunua neno lake la siri la kazini kutoka soko la magendo la intaneti. Alijaribu kuingia tena na tena. Kila jaribio lilituma ombi la idhini kwa mfanyakazi huyo, na mwanzoni kufuli lilishika. Mwisho wake mfanyakazi alikubali moja. Mshambuliaji mwenyewe alidai kwamba baada ya kumsumbua kwa zaidi ya saa moja alimwandikia kwa WhatsApp akijifanya ni idara ya kompyuta, na kumwambia kuwa akitaka usumbufu uishe akubali. Kutoka hapo alizifikia akaunti za wafanyakazi wengine, na akaandika tangazo kwenye ubao wa mazungumzo wa kampuni nzima.

Ikumbukwe kwamba kufuli halikuvunjwa. Lilifanya kazi kila mara lilipoulizwa, hadi mwenye ufunguo alipolifungua mwenyewe. Ombi la kwanza lilikuwa tayari na habari yote iliyohitajika, kwamba neno la siri limetoka nje. Kama lingebadilishwa saa ile, maombi yangekatika, kwa kuwa mgeni asingeweza tena kuifikia hatua ya idhini. Na hiyo ndiyo njia halali ya kuuzima usumbufu: maombi yakikoma baada ya neno la siri kubadilishwa, mwenyewe anapata pia uthibitisho kwamba kweli lilikuwa limejulikana.

Baada ya visa vya namna hiyo, mwezi Mei 2023 Microsoft iliwaondolea wateja wa maofisini idhini ya kubonyeza "kubali" peke yake katika programu yake ya uthibitisho. Sasa anayeingia huonyeshwa namba kwenye kompyuta, na mwenye simu huitwa kuiandika. Aliyelala hawezi kuidhinisha kwa bahati mbaya, kwa kuwa hajui namba iliyo kwenye kompyuta ya mwizi. Lakini mwizi anaijua, na anaweza kupiga simu akaitaja. Ni hila ile ile ya herufi nane za WhatsApp.

Ujumbe unapoacha kuja

Jambo la mwisho linahusu ukimya. Mwizi aliyechoka kuomba namba anaweza kwenda kuichukua laini yenyewe, kwa kumdanganya au kumhonga wakala wa kampuni ya simu amtolee kadi mpya ya namba ya mtu mwingine. Hapo namba za kuthibitisha hufika moja kwa moja kwake, na simu ya mwenyewe hupoteza mtandao. Wawekezaji waliona matokeo yake tarehe 9 Januari 2024. Laini iliyofungamana na akaunti ya X ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilihamishwa kwa hila, na tangazo la uongo likatolewa kwamba mifuko ya bitikoini imeruhusiwa sokoni. Bei ilipanda hadi karibu dola 48,000, kisha ikaanguka chini ya dola 46,000 baada ya kukanushwa. Waliokuwa wamenunua kileleni walibaki na hasara yao, ingawa ruhusa ya kweli ilitoka siku iliyofuata. SEC ilieleza baadaye kuwa kinga ya hatua ya pili kwenye akaunti hiyo ilikuwa imeondolewa tangu Julai 2023, kwa ombi la wafanyakazi wake, walipopata taabu ya kuingia.

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mpangilio wa kuogopa ni huu: ujumbe wa namba zisizoombwa kwa siku moja au mbili, kisha simu inakosa mtandao wakati majirani wa laini hiyo hiyo wanao. Asisubiri mtandao urudi. Aazime simu, aipigie kampuni yake ifunge laini, kisha aipigie benki. Akiipata tena, *106# itamwonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli aliyempigia inaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Na kama kasha lake la hisa, benki na barua pepe vyote vinategemea ujumbe mfupi wa laini moja, ni vema angalau barua pepe ihamishiwe kwenye programu ya kuzalisha namba ndani ya simu yenyewe. Namba hizo hazitumwi na mtu yeyote. Hufuata siri iliyohifadhiwa ndani ya simu, hivyo anayechukua laini hazipati, na hakuna awezaye kuzifanya zitokee usiku wa manane kwa kuandika anwani ya mtu mwingine.